Kujumlisha sehemu zenye asili tofauti kutoka kwenye picha ya zoezi: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Jumapili usiku picha ya zoezi la Hisabati iliingia kwenye grupu la wazazi wa darasa la tano, na saa moja baadaye swali namba 4 lilikuwa limeshapata majibu matano. Mimi ni mjomba tu wa mmoja wa wanafunzi, ila mpwa wangu anakaa kwangu hapa Mbagala, na jioni watoto wa majirani huja kibarazani na madaftari yao. Kwa hiyo simu yangu nayo haikupumzika.

Swali lilikuwa 5/6 + 7/15. Majibu yaliyotumwa yalikuwa 12/21, 9/10, 12/30, 2 1/2 na 39/30. Hakuna hata moja ambalo mwalimu angelipa alama zote. Hii ni mara ya tatu muhula huu sehemu zinatuvuruga kwa mtindo uleule, ndiyo maana nimeamua kuandika yote mahali pamoja. Nitatumia swali hilohilo moja tangu mwanzo, kwa sababu mitego karibu yote imo ndani yake.

Hapa kwenye simu naandika sehemu kwa mstari wa mshazari, 5/6. Kwenye daftari la mtoto mstari ulale: namba ya juu ni kiasi, ya chini ni asili.

Andaa hivi kwanza

Picha yenyewe, isiyokatwa pembeni. Picha iliyopita mikono mitano kwenye wasapu huwa imepungua ubora, kwa hiyo mwombe aliyeipiga mwenyewe akutumie moja kwa moja.

Penseli, raba na rula. Usitumie kalamu, maana kuna mahali utafuta.

Ukurasa wa daftari lenye vijisanduku. Kama huna, chora kwa rula mstari wa vijisanduku 30 kwenye karatasi ya kawaida; utauhitaji kwenye hatua ya 4.

Mtoto akae pembeni yako, na penseli iwe mkononi mwake.

Hatua ya 1: Soma picha kabla ya kukokotoa chochote

Hatua hii watu wote wanairuka, na ndiyo iliyozaa lile jibu la 9/10. Mzazi aliyelituma hakukosea hesabu hata kidogo. Alisoma 7 kama 1. Chaki ya mwalimu ilikuwa imefifia na mtoto alinakili hivyohivyo, kisha taa ya dari ikang'aa juu ya ukurasa na kumeza kile kimstari cha juu cha 7. Ukikokotoa 5/6 + 1/15 unapata 27/30, ambayo ni 9/10: jibu safi kabisa la swali ambalo halikuulizwa.

Kuza picha kwa vidole viwili mpaka swali moja lijaze kioo, halafu kagua mambo matatu.

La kwanza ni tarakimu zinazofanana: 1 na 7, 3 na 8, 0 na 6. Usikisie. Tafuta tarakimu hiyohiyo mahali pengine kwenye ukurasa uleule, iliyoandikwa na mkono uleule. Kwenye picha yetu tarehe iliyoandikwa juu ya ukurasa ilikuwa na 17 ndani yake, na pale ilionekana wazi kwamba 1 ya mtoto ni kijiti kitupu kilichosimama wima, wakati 7 yake ina mguu ulioinama kuelekea kushoto. Tarakimu yenye utata nayo mguu wake ulikuwa umeinama. Basi ni 7.

La pili ni mstari wa sehemu. Kwenye daftari la mistari, mtoto akiulaza mstari wa sehemu juu ya mstari wa daftari, kwenye picha hauonekani tena. Unaona 5 juu na 6 chini, hakuna kitu katikati. Ukiona namba mbili zimepangana namna hiyo pande zote mbili za alama ya kujumlisha, hizo ni sehemu.

La tatu ni namba ya swali. Hili ndilo baya kuliko yote. Swali la nne likiandikwa "4. 5/6 + 7/15" na nukta ikafifia, linasomeka kama 4 5/6, yaani namba nzima nne na sehemu pembeni yake. Angalia ukingo wa kushoto wa ukurasa kutoka juu hadi chini. Kama namba zinashuka 1, 2, 3, 4 katika safu moja, hizo ni namba za maswali, ziache. Kama namba nzima imekaa ndani zaidi, imegusana na sehemu, hapo una namba mchanganyiko, ambayo nitaieleza baadaye.

Hatua hii imekamilika pale mtoto anapoweza kulisoma swali kwa sauti mara mbili bila kusitasita. Kama tarakimu bado ina utata baada ya kulinganisha, uliza aliyepiga picha. Kuuliza ni dakika moja tu.

Hatua ya 2: Nakili swali upya, kisha kadiria jibu

Andika swali kwa maandishi makubwa kwenye ukurasa mpya. Usikokotoe juu ya picha wala pembeni ya zoezi la zamani. Mtoto akifanya kazi huku jicho linarudi kwenye simu kila mara, atachanganya asili za swali hili na za swali la chini yake. Nimeona mara nyingi.

Sasa, kabla ya kanuni yoyote, muulize: jibu litakuwa chini ya moja au juu ya moja?

5/6 inakaribia moja, imepungukiwa na kipande kimoja tu cha 6. Na 7/15 je? Nusu ya 15 ni saba na nusu, kwa hiyo 7/15 ni nusu kasoro kidogo. Karibu moja ukiongeza karibu nusu, jibu lazima lizidi moja, lisifike moja na nusu. Muache aandike pembeni kwa penseli: "zaidi ya 1, chini ya 1 na nusu".

Sentensi hiyo fupi imeshaua majibu manne kati ya matano ya grupu. 12/21, 12/30 na 9/10 zote ziko chini ya moja. 2 1/2 imepitiliza. Tumebaki na 39/30 peke yake, na hatujakokotoa kitu.

Hatua ya 3: Tafuta KDS ya asili mbili

Kwa nini tusijumlishe tu juu kwa juu na chini kwa chini? Kwa sababu vipande havilingani. Asili inasema kitu kizima kimegawanywa vipande vingapi: 5/6 ni vipande vitano vikubwa, 7/15 ni vipande saba vidogo. Ukisema "jumla vipande 12", mtu anaweza kukuuliza vipande 12 vya ukubwa gani, na hutakuwa na jibu. Aliyepata 12/21 alijumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, akatua kwenye namba ndogo kuliko ile 5/6 aliyoanza nayo. Umeongeza, halafu kimepungua!

Tunahitaji kukata vitu vyote viwili kwa ukubwa mmoja wa kipande. Namba hiyo lazima igawanyike kwa 6 na kwa 15 bila baki, na iliyo ndogo kuliko zote za namna hiyo ndiyo Kigawe Kidogo cha Shirika, KDS.

Njia ya haraka kwa namba ndogo: chukua asili kubwa, orodhesha vigawe vyake, simama kwenye cha kwanza kinachogawanyika kwa asili ndogo.

15: je, inagawanyika kwa 6? Hapana.
30: je, inagawanyika kwa 6? Ndiyo, mara 5.

KDS ni 30. Umemaliza.

Njia ya ngazi, ambayo wengi tulifundishwa darasani, inafaa zaidi asili zikiwa kubwa au zikiwa tatu. Andika 6 na 15 kwa mlalo, gawanya kwa namba tasa ndogo kadiri inavyowezekana, na namba isiyogawanyika ishushe kama ilivyo:

2 | 6, 15
3 | 3, 15
5 | 1, 5
   | 1, 1

Zidisha zile za kushoto: 2 × 3 × 5 = 30.

Kosa linalonisumbua kibarazani ni hili: mtoto anagawanya pale tu ambapo namba *zote mbili* zinagawanyika. Anaona 3 inaingia kwenye 6 na kwenye 15, anapata 2 na 5, anasimama na kuniambia, "Mjomba, KDS ni 3." Hiyo ni KKS, Kigawo Kikubwa cha Shirika, ndugu wa karibu wa KDS ambaye kazi yake ni nyingine, tutamhitaji kwenye hatua ya 6. Kumtambua ni rahisi. Asili mpya haiwezi kamwe kuwa ndogo kuliko asili kubwa uliyoanza nayo. Tulianza na 15. Namba yoyote chini ya 15 ni makosa, rudi ngazini ushuke mpaka mstari wa mwisho uwe 1, 1.

Wapo wanaozidisha asili moja kwa moja: 6 × 15 = 90. Si kosa. Ukifuata hatua zote kwa 90 utafika palepale. Ila utabeba 75/90 + 42/90 = 117/90, kisha uanze kuitafutia 117 vigawo. Mtoto wa darasa la tano huigawa kwa 3, anapata 39/30, anashusha pumzi, anasimama, na bado haijaisha. Kwa kuwa KDS ni ndogo, kazi ya mwisho nayo inakuwa ndogo.

Hatua ya 4: Badilisha kila sehemu iwe na asili 30

Hapa ndipo 12/30 ilipozaliwa. Mzazi alipata KDS vizuri, akafuta 6 na 15, akaandika 30 chini ya zote mbili, akaacha viasi kama vilivyokuwa: 5/30 + 7/30. Amebadilisha ukubwa wa kipande bila kubadilisha idadi ya vipande. Ni sawa na kuchenji noti ya shilingi elfu kumi ukarudishiwa noti moja ya elfu moja.

Kanuni: unachoizidisha nacho asili, zidisha nacho kiasi.

6 imezidishwa mara ngapi kufika 30? Mara 5. Basi kiasi 5 × 5 = 25. Sehemu ya kwanza ni 25/30.

15 imezidishwa mara ngapi kufika 30? Mara 2. Basi kiasi 7 × 2 = 14. Sehemu ya pili ni 14/30.

Angalizo kwa swali hili: upande wa kushoto 5 imejitokeza mara mbili, moja ni kiasi na nyingine ni idadi ya mara. Mtoto huona 5 mbili akadhani ameshaandika, akaruka kuzidisha. Mwambie aandike 5 × 5 yote kwenye mstari, asiifanye kichwani.

Kama bado anakutazama kwa mashaka, sasa chukua ule mstari wa vijisanduku 30. Mwambie augawe makundi sita yaliyo sawa. Kila kundi litakuwa na vijisanduku 5. Apake rangi makundi matano. Ahesabu: 25. Kwenye mstari mwingine wa 30 agawe makundi 15, kila moja na vijisanduku 2, apake saba. Ahesabu: 14. Mpwa wangu alihesabu vile 14 kwa kidole mara mbili, akanyamaza, halafu akasema, "Kumbe ni ileile, imekatwa ndogondogo." Tangu hapo sijamkumbusha tena kuzidisha kiasi.

Hatua ya 5: Jumlisha viasi, asili iache ilivyo

25/30 + 14/30 = 39/30

Hatua hii ni fupi, usiirefushe. Onyo ni moja: 30 na 30 hazijumlishwi zikawa 60. Vijisanduku ni vilevile, kilichoongezeka ni idadi ya vilivyopakwa rangi.

Linganisha na makadirio ya pembeni. 39 inazidi 30, kwa hiyo jibu linazidi moja. Nusu ya 30 ni 15, na 39 haijafika 45, kwa hiyo haijafika moja na nusu. Tuko njiani.

Hatua ya 6: Rahisisha mpaka mwisho

39/30 ni thamani sahihi, lakini swali likisema "rahisisha" au "toa jibu katika sehemu rahisi", aliyeishia hapa anakatwa alama. Kuna kazi mbili: kufupisha, kisha kutoa namba nzima.

*Kufupisha.* Tunatafuta namba inayogawanya 39 na 30 kwa pamoja. Usimwache mtoto ajaribu namba ovyo. Asili ni 30, na 30 imetengenezwa kwa 2, 3 na 5 tu. Tumeziona kwenye ngazi. Kwa hiyo namba tasa za kujaribu ni tatu, basi.

2: 39 si shufwa. Hapana.
3: 3 + 9 = 12, na 12 inagawanyika kwa 3. Ndiyo.
5: 39 haiishii na 0 wala 5. Hapana.

Gawanya juu na chini kwa 3: 39 ÷ 3 = 13, 30 ÷ 3 = 10. Tunapata 13/10. Jaribu tena: 10 ni 2 na 5 tu, na 13 haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo. Imefika mwisho.

Kwa mwenye haraka kuna njia fupi ambayo sijui kwa nini haisemwi zaidi. Ikiwa sehemu za mwanzo zilikuwa zimeshafupishwa na umetumia KDS, basi namba tasa inayoweza kufupisha jibu lazima iwe ni ile inayogawanya asili zote mbili za mwanzo. 6 ni 2 × 3, na 15 ni 3 × 5. Wanachoshirikiana ni 3, yaani ile KKS tuliyoikimbia kwenye hatua ya 3. Kwa hiyo 2 na 5 hakukuwa na haja ya kuzijaribu kabisa. Na kama asili hazishirikiani chochote, mfano 4 na 9, jibu halitafupika hata ukeshe. Ila kumbuka sharti: swali likija na 2/4 au 6/9, zifupishe kwanza, la sivyo njia hii haifanyi kazi.

*Kutoa namba nzima.* 13/10 ni sehemu guni, kiasi kimezidi asili. 13 ÷ 10 ni 1, baki 3. Baki inakaa juu, asili haibadiliki: 1 3/10.

Unaweza kuanza na namba nzima kisha ukafupisha: 39/30 = 1 9/30 = 1 3/10. Ni mamoja. Mimi napenda watoto wafupishe kwanza, kwa sababu wakishaona namba nzima wanadhani wamemaliza na kuiacha 9/30 pale.

Sasa lile jibu la 2 1/2. Mtoto wa huyo mzazi alikuwa ameshafika kwenye kuzidisha sehemu, ambako inaruhusiwa kukata kiasi cha huku na asili ya kule. Akaona 5 juu kushoto na 15 chini kulia, akazikata kwa 5: 1/6 + 7/3. Hesabu iliyofuata aliifanya vizuri, akapata 15/6, yaani 2 1/2. Kukata kwa kuvuka ni kwa alama ya kuzidisha peke yake. Kwenye alama ya kujumlisha, unafupisha ndani ya sehemu moja, kiasi chake na asili yake, usivuke daraja.

Hatua ya 7: Hakiki kwa dakika

Saa moja ina dakika 60, na 60 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20 na 30. Asili nyingi za maswali ya shule ya msingi zimo humo. Kwa hiyo geuza swali liwe safari.

5/6 ya saa: 60 ÷ 6 = 10, mara 5, dakika 50. Tuseme umepanda daladala Mbagala hadi Kariakoo.
7/15 ya saa: 60 ÷ 15 = 4, mara 7, dakika 28. Halafu nyingine mpaka Mwenge, siku barabara imekuonea huruma.

Jumla dakika 78, yaani saa 1 na dakika 18. Na dakika 18 kati ya 60 ukigawanya juu na chini kwa 6 ni 3/10. Saa 1 3/10. Njia mbili zisizofanana zimekutana, jibu ni sahihi.

Njia ya dakika haikubali asili za 7, 8 au 9 vizuri. Hapo tumia kikokotoo cha simu: andika 5 ÷ 6 + 7 ÷ 15, utapata 1.3 (au 1.2999 hivi), kisha 13 ÷ 10, nayo 1.3. Tahadhari na vile vikokotoo vidogo vya dukani. Vingi hufanya kazi kwa mpangilio unaobonyeza: vinachukua 5 ÷ 6, vinaongeza 7, halafu vinagawanya *yote* kwa 15, na kioo kinaonyesha 0.522. Mzazi mmoja alimfutia mtoto wake jibu sahihi kwa sababu hiyo. Kwenye kikokotoo cha namna hiyo gawanya kila sehemu peke yake, andika pembeni, kisha jumlisha.

Swali likiwa na namba mchanganyiko

Kwenye picha ileile swali la mwisho lilikuwa 2 3/4 + 1 5/6. Hapa sipotezi muda kugeuza kila kitu kuwa sehemu guni, ingawa walimu wengine hutaka hivyo, na kama wa mtoto wako anataka, mfuate. Jumlisha namba nzima zenyewe: 2 + 1 = 3. Kisha sehemu: KDS ya 4 na 6 ni 12, kwa hiyo 9/12 + 10/12 = 19/12, ambayo ni 1 7/12. Irudishe kwenye 3: jibu ni 4 7/12.

Kosa la hapa ni kuandika 3 19/12 na kufunga daftari. Namba nzima haikai pembeni ya sehemu guni. Ile 1 iliyofichwa ndani ya 19/12 lazima ihamie kwa wenzake.

Ukitaka kumpima, mpe haya manne

Yaandike kwenye karatasi, usimtumie kwa simu, na usimwambie kila moja linatafuta nini.

1/6 + 3/10. Jibu ni 7/15. Akileta 14/30, ameiruka hatua ya 6. Akileta 4/16 au 1/4, mrudishe kwenye vijisanduku.

3/4 + 1/20. Jibu ni 4/5. KDS ni 20 yenyewe, na 1/20 haibadiliki. Wengi huzidisha 4 × 20 na kujikuta na 64/80, ambayo si kosa, ila mwangalie anavyohangaika kuishusha.

3/8 + 1/6. Jibu ni 13/24. Hili halifupiki, ingawa 8 na 6 zinashirikiana 2. 13 si shufwa, mwache agundue mwenyewe kwamba hakuna cha kukata.

5/12 + 7/20. Jibu ni 23/30. KDS ni 60, kwa hiyo kila asili tayari imo ndani ya saa: dakika 25 na dakika 21, jumla 46. Nilimpa mpwa wangu hili la mwisho juzi wakati umeme umekatika, akalifanya lote kwa dakika kichwani, akaandika 46/60, akaigawa kwa 2, ndipo akaniuliza, "Mjomba, na ngazi nichore au basi?" Nilimwambia achore. Mwalimu anataka kuiona njia.